Umri wa Simu Hausomwi Kwenye Kisanduku

Katika maduka ya simu ya Darajani mjini Unguja, na katika yale ya Chake Chake na Wete huko Pemba, mnunuzi mwenye fedha za kiasi hukutana na jambo moja. Juu ya meza hupangwa simu janja nne au tano zenye bei zinazokaribiana, maumbo yanayofanana, na visanduku vilivyojaa namba. Muuzaji humwuliza anataka ya GB ngapi. Mnunuzi hutaja namba iliyo kubwa kuliko zote. Fedha hutolewa, na biashara huishia hapo. Baada ya mwaka mmoja unusu mtu yule yule hurejea dukani akilalamika kwamba simu yake imekuwa nzito, imejaa, na programu ya benki haikubali tena kufunguka.

Kwa maoni yetu, kosa halimo katika udogo wa fedha alizotoa. Limo katika namba alizozitazama. Simu ya bei nafuu hupimwa kwa mambo manne: kumbukumbu ya kazi, nafasi ya hifadhi, ukubwa wa betri, na muda ambao mtengenezaji ataendelea kuitumia masasisho. Mambo matatu ya mwanzo huandikwa juu ya kisanduku, wakati mwingine kwa ukweli na wakati mwingine kwa hila. La nne haliandikwi kabisa, nalo ndilo linaloamua kama bei uliyolipa ilikuwa rahisi au ghali. Tunapenda leo kuyaeleza yote manne, na kuwaonyesha wananchi, pamoja na maofisa wanaonunua simu kwa fedha za umma, jinsi ya kuyaweka katika hesabu moja.

KUMBUKUMBU NA HIFADHI

Inafaa kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya kwa sababu vyote hupimwa kwa GB. Kumbukumbu ya kazi, ambayo kwenye kisanduku huandikwa RAM, ni mfano wa meza ya karani: ni mahali pa kutandaza makaratasi yanayofanyiwa kazi wakati huo. Hifadhi ni kabati: ni mahali pa kuweka picha, video, sauti na programu hata simu ikizimwa. Kabati kubwa halisaidii kitu ikiwa meza ni ndogo, wala meza kubwa haifai ikiwa kabati limefurika.

Dalili ya meza ndogo ni rahisi kuitambua. Mwananchi yumo katika kujaza fomu ya maombi kwenye simu, ameshaandika jina, tarehe na namba ya kitambulisho. Anaombwa namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe mfupi. Anatoka kwenda kuisoma ile namba, akirejea anaikuta fomu tupu, imeanza upya. Si mtandao uliomfanyia hivyo. Simu imeona kumbukumbu yake ya kazi haitoshi, ikaifunga programu aliyoiacha nyuma ili kupata nafasi ya ile aliyoifungua. Mwenye simu ya namna hii huifanya kazi moja mara tatu, na kila mara hulipia bando.

Mfumo wa Android peke yake, pamoja na huduma zake, huchukua sehemu kubwa ya kumbukumbu hata kabla mwenye simu hajafungua chochote. Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, hata ule mfumo mwepesi uitwao Android Go, uliotengenezwa makusudi kwa simu dhaifu, hauwekwi katika simu mpya yenye RAM iliyo chini ya GB 2. Hicho ni kiwango cha kuwaka, si kiwango cha kufanyia kazi. Kwa mtu anayekusudia kukaa na simu miaka minne, sisi tungeshauri asishuke chini ya GB 4 za kweli, na akimudu GB 6 asizikatae.

Tumesema za kweli kwa sababu. Siku hizi visanduku vingi huandikwa GB 8 kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ambazo mzee hawezi kuzisoma bila miwani, huandikwa 4 + 4. Maana yake ni kwamba simu ina GB 4 tu za kumbukumbu ya kazi; zile 4 nyingine ni sehemu ya hifadhi iliyokopwa ili ifanye kazi ya kumbukumbu. Ni sawa na karani aliyeishiwa meza akaanza kuweka makaratasi ndani ya kabati lililo chumba cha pili. Makaratasi hayapotei, lakini kila akiyahitaji ni lazima ainuke. Hifadhi ni ya polepole mno ikilinganishwa na kumbukumbu halisi, na mkopo huo hupunguza nafasi ya picha zako. Kwa hiyo namba ya kulinganisha ni ile ya kwanza, kabla ya alama ya kujumlisha. Ikiwa muuzaji hawezi kuionyesha, mnunuzi na aiwashe simu, afungue Settings kisha About phone, na asome mwenyewe.

Ama kuhusu hifadhi, hesabu yake ni ya kupiga kwa kalamu. Tuchukue simu ya GB 64. Mfumo wenyewe na programu zilizokuja na simu huweza kuchukua kiasi cha GB 22. Programu ambazo mwenye simu ataziweka, kwa mfano za ujumbe, benki, ramani na huduma za serikali, tuzikadirie GB 10. Zinabaki GB 32. Sasa tuseme makundi ya familia, ya msikitini na ya kazini yanamletea picha na video za MB 300 kwa wiki. Kwa mwaka mmoja wa wiki 52 hizo ni karibu GB 15.6. Kwa mwendo huo simu itajaa baada ya miaka miwili. Simu ya GB 128, kwa mtu yule yule na matumizi yale yale, itabakiwa na GB 96 mwanzoni, nayo itachukua miaka sita kujaa.

Wako watakaosema kwamba kadi ya kumbukumbu itamaliza tatizo. Itasaidia kwa picha na nyimbo, lakini programu nyingi hukataa kukaa katika kadi, na masasisho ya mfumo huhitaji nafasi ndani ya simu yenyewe. Simu iliyojaa hushindwa kupokea sasisho hata kama mtengenezaji amelituma. Hapa ndipo jambo la hifadhi linapofungamana na lile la nne, na wengi hawalioni fungamano hilo.

BETRI

Visiwani petu suala la betri halihitaji kufafanuliwa sana. Watu wa Unguja hawajasahau miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, walipokaa bila ya umeme kutoka Bara. Aidha, mvuvi aliye mbali na mnara, au msafiri aliye katikati ya mkondo wa Pemba, huiona betri yake ikiisha upesi kuliko akiwa mjini, kwa sababu simu huongeza nguvu za kurusha mawimbi kila mnara unapokuwa mbali.

Hata hivyo, ukubwa wa betri si namba nzuri ya kuchagulia simu za bei nafuu, kwa kuwa takriban zote sasa ziko katika 5,000 mAh au karibu na hapo. Namba inayolingana kwa wote haimpambanui yeyote. La kutazama ni kuzeeka kwa betri. Betri ya lithiamu huhesabiwa kwa mizunguko: mzunguko mmoja ni kuijaza kutoka sifuri hadi mia, au kuijaza nusu mara mbili. Kanuni ya Jumuiya ya Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 inaitaka betri ya simu janja inayouzwa huko ibakize walau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800. Tukichukua kipimo hicho kizuri, mtu anayejaza simu yake mara moja kwa siku atafikia mizunguko 800 baada ya miaka miwili na miezi miwili hivi. Betri yake ya 5,000 itakuwa imegeuka ya 4,000. Ikiwa kipimo cha mtengenezaji ni hafifu zaidi, au simu hulazwa juani juu ya chombo au hujazwa usiku kucha chini ya mto, siku hiyo itawahi kufika.

Jawabu lake ni kuweka akiba ya betri moja ya kubadilisha ndani ya hesabu ya kununua simu, na kumwuliza fundi kabla ya kununua kama betri ya aina hiyo inapatikana mjini. Simu ambayo betri yake haipatikani kwa fundi ni simu ya miaka miwili, hata iwe na sifa gani. Dalili za betri iliyochoka ni simu kuzimika ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia 25 au 30. Mgongo wa simu ukianza kuinuka, betri imevimba. Hapo isijazwe tena wala isitobolewe, bali ipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo.

Tuongeze neno moja kwa wale wanaotegemea pawabenki. Wengi huamini kwamba pawabenki ya 10,000 mAh huijaza simu ya 5,000 mara mbili. Haiwi hivyo. Namba zile mbili hupimwa kwa volti zisizolingana, na nguvu nyingine hupotea njiani kwa joto. Betri ya simu ya 5,000 kwa volti 3.85 hubeba wati-saa 19 na kidogo. Pawabenki ya 10,000 kwa volti 3.7 hubeba wati-saa 37, lakini kinachofika ndani ya simu ni kama theluthi mbili zake, yaani 24 au 25. Hiyo ni mara moja na robo. Mwenye kusafiri kwa siku mbili na apange safari yake kwa hesabu hiyo.

MASASISHO

Sasa tufike katika jambo ambalo halimo kwenye kisanduku. Simu janja si kama redio ambayo ikitoka kiwandani imekamilika. Ndani yake mna mamilioni ya mistari ya maagizo, na humo hugunduliwa kasoro kila mwezi. Tangu mwaka 2015 kampuni ya Google huchapisha kila mwezi taarifa ya kasoro za usalama zilizogunduliwa katika Android pamoja na dawa zake. Mtengenezaji wa simu huichukua dawa hiyo, huirekebisha kwa ajili ya simu zake, kisha huwatumia wenye simu. Hilo ndilo sasisho la usalama. Kuna na sasisho la pili, lile linalobadilisha mfumo mzima kutoka Android ya daraja moja kwenda daraja la juu yake.

Taarifa ile ya kila mwezi husomwa na watu wema na waovu pia. Kwa simu inayopokea masasisho, taarifa ni dawa. Kwa simu ambayo muda wake umekwisha, taarifa hiyo hiyo ni tangazo la milango iliyo wazi. Simu haitakufa siku hiyo; itapiga na kupokea kama jana, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Lakini kuweka ndani yake akiba ya fedha, namba ya siri ya benki au barua za ofisi ni kuacha sanduku katika nyumba ambayo funguo zake zimetangazwa sokoni. Baadaye programu zenyewe huanza kuikataa, kwa kuwa watengenezaji wa programu huacha kushughulikia Android za zamani moja baada ya nyingine.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni hili: muda wa masasisho huanza kuhesabiwa siku aina hiyo ya simu ilipotoka sokoni kwa mara ya kwanza, wala si siku uliyoinunua. Simu iliyokaa katika ghala miaka miwili, ikiwa na nailoni yake na harufu ya upya, imekwisha kula miaka miwili ya umri wake. Ndiyo sababu punguzo la bei la simu ya juzi mara nyingi si zawadi. Ni umri uliokatwa.

Tuchukue mfano wa simu mbili za kampuni moja ili tusionekane kupendelea. Samsung ilitoa Galaxy A06 katika mwaka 2024, na kwa upande wa Galaxy A16 ikaitoa mwishoni mwa mwaka huo huo. Zote zilianza na Android 14. Zote zina betri ya 5,000 mAh. Zote hupatikana zikiwa na hifadhi ya GB 128. Mnunuzi anayesoma visanduku ataona tofauti ndogo, na huenda akachukua ile ya bei ya chini bila ya kusita. Lakini ahadi zake ni mbalimbali kabisa. A06 iliahidiwa madaraja mawili ya Android na miaka minne ya masasisho ya usalama, yaani hadi mwaka 2028. A16 iliahidiwa madaraja sita na miaka sita ya usalama, yaani hadi mwaka 2030. Anayezinunua mwaka 2026 ananunua kiasi cha miaka miwili katika ile ya kwanza, na minne katika ile ya pili.

HESABU MOJA

Mambo yote manne sasa yanaweza kutiwa katika hesabu moja, nayo ni hii: chukua bei ya simu, ongeza gharama ya betri moja ikiwa utakaa nayo zaidi ya miaka miwili, kisha gawanya kwa miezi ya masasisho ya usalama iliyobaki. Jawabu ni kodi unayoilipa kwa mwezi kwa kuwa na simu salama.

Bei hubadilika, kwa hiyo tutumie za kukadiria tu. Tuseme simu ya kwanza ni shilingi 300,000 na imebakiwa na miezi 24. Kodi yake ni shilingi 12,500 kwa mwezi. Simu ya pili ni shilingi 450,000 na imebakiwa na miezi 48. Tukiongeza shilingi 40,000 za betri, jumla ni 490,000, na kodi yake ni shilingi 10,200 na kitu kwa mwezi. Ile iliyoonekana ghali dukani ndiyo rahisi mfukoni.

Lakini hesabu hii ina sharti, na ni vizuri lielezwe. Miezi 48 ya masasisho haina faida ikiwa simu itajaa kwa miezi 24, au ikiwa kumbukumbu yake ni ndogo kiasi kwamba Android ya daraja la juu itaielemea. Umri wa simu ni ule wa kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote. Simu yenye ahadi ya miaka sita na GB 64 za hifadhi, kwa mtumiaji tuliyemweleza hapo juu, ni simu ya miaka miwili. Vilevile, anayetaka simu ya kupigia na kupokea tu, asiyeweka fedha ndani yake, hana sababu ya kulipia miaka asiyoihitaji. Kwake simu ya vitufe inatosha na betri yake hudumu kwa siku kadhaa.

Mnunuzi atajuaje miezi iliyobaki? Kwanza atafute jina kamili la aina ya simu, kwani majina hufanana na ahadi hutofautiana, kisha asome ahadi hiyo katika taarifa za mtengenezaji mwenyewe, si katika maneno ya muuzaji. Pili, aiwashe simu iliyowekwa kwa maonyesho dukani, iunganishwe na mtandao na kuruhusiwa kupokea masasisho yote yaliyopo. Kisha afungue Settings, halafu About phone, na atazame tarehe iliyo mbele ya maneno Android security update. Ikiwa aina hiyo ilitoka miaka miwili iliyopita na tarehe inayosomeka ni ya miezi ile ile ya kutoka kwake, basi mtengenezaji ametuma simu na kuisahau. Mahali ambapo hakuna ahadi iliyoandikwa, mnunuzi na ahesabu kwamba miezi iliyobaki ni sifuri.

Kwa simu zilizokwisha kutumika, zinazoingia kwa wingi kutoka Dubai, kipimo hiki ni cha lazima zaidi, kwa sababu kioo kinachong'aa hakisemi chochote juu ya umri. Aidha abonyeze namba hii na alinganishe tarakimu zitakazotokea na zile za kwenye kisanduku:

```
*#06#
```

Tarakimu hizo ndizo zilizotumika mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozizima simu bandia nchini kote, na wananchi wakatangaziwa kuzihakiki kwa kuzituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Simu bandia huweza pia kusema uongo juu ya hifadhi yake, ikaonyesha GB 256 ilhali ndani mna GB 32. Njia ya kuikamata ni kunakili video moja kubwa mara nyingi mpaka ipite GB 40, kisha kuicheza nakala ya mwisho. Ikigoma kucheza, kabati ni la kuchorwa ukutani.

KWA MAOFISA WETU

Yaliyosemwa kwa mwananchi mmoja yanawahusu zaidi wale wanaonunua kwa jumla kwa fedha za umma. Tuchukue idara inayotaka simu 40 kwa maofisa wake wa nyanjani, ili waandike takwimu za samaki wanaoshushwa madikoni au za watoto wanaochanjwa vijijini. Kazi ni ya miaka minne. Zabuni zikifunguliwa, desturi ni kumpa kazi mwenye bei ya chini. Kwa bei zetu za kukadiria, simu 40 za 300,000 ni shilingi milioni 12, na zile za 450,000 ni milioni 18. Milioni 6 zimeokolewa, na kila mtu anaridhika.

Lakini baada ya miezi 24 simu za kwanza zimekosa ulinzi, na ndani yake mna majina na afya za raia. Idara itanunua 40 nyingine, na jumla itafika milioni 24. Zile za pili, pamoja na betri 40 za kubadilisha, zingegharimu milioni 19 na laki 6 kwa miaka yote minne. Akiba ya milioni 6 iliyoshangiliwa siku ya zabuni imegeuka kuwa hasara ya milioni 4 na laki 4, mbali na siku zilizopotea katika kuhamisha takwimu na kuwafundisha watu upya.

Kwa hiyo tunatoa rai kwamba katika kila zabuni ya simu yaandikwe masharti manne yanayopimika: RAM halisi isiyopungua GB 4, bila ya kuhesabu iliyokopwa, hifadhi isiyopungua GB 128, betri ambayo muuzaji anathibitisha kwa maandishi kwamba ataweza kuileta kwa miaka minne, na tarehe ya mwisho ya masasisho ya usalama, si idadi ya miaka, kwa kuwa miaka hunyumbulika na tarehe hainyumbuliki. Simu ambayo tarehe yake haifiki mwisho wa kazi iliyokusudiwa isitazamwe bei.

Rai yetu ya pili inavihusu vyombo vinavyomlinda mnunuzi. Huko Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamlazimisha mtengenezaji wa vyombo vinavyounganishwa na mtandao kutangaza waziwazi muda wa chini kabisa atakaotoa masasisho ya usalama. Kanuni ya Jumuiya ya Ulaya tuliyoitaja inakwenda mbele zaidi: inataka masasisho yapatikane walau miaka mitano tangu simu ya mwisho ya aina hiyo ilipoacha kuingizwa sokoni. Ni dhahiri kwamba visiwa vyetu haviwezi kumwamuru mtengenezaji wa mbali ni miaka mingapi ahudumie simu yake. Lakini kumtaka mwagizaji abandike juu ya kisanduku karatasi ndogo yenye tarehe moja si jambo la gharama, wala halihitaji maabara. Pakiti ya maziwa ina tarehe ya kwisha. Kopo la nyanya lina tarehe ya kwisha. Simu ya shilingi laki tatu nayo ina tarehe ya kwisha. Tofauti yake ni kwamba haijaandikwa.

Mpaka hapo itakapoandikwa, mnunuzi na aiandike mwenyewe. Kabla ya kutoa fedha na amwombe muuzaji aongeze katika risiti jina kamili la simu, RAM yake halisi, hifadhi yake, na mwezi na mwaka ambao masasisho yake ya usalama yatakwisha. Muuzaji anayeijua bidhaa yake ataandika bila ya taabu. Asiyekubali kuandika, basi mnunuzi avuke njia aende duka la pili.